Mtihani wa gredi au RPL: mwashi wa Kenya asiye na cheti achague njia ipi?

Mwashi aliyejifunzia kazi mjengoni nchini Kenya ana njia mbili za kupata cheti kinachotambuliwa bila kurudi darasani miaka miwili. Ya kwanza ni ya zamani na inajulikana kila saiti: mtihani wa gredi wa serikali, unaosimamiwa na NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwanda. Ya pili ni RPL, yaani utambuzi wa ujuzi uliopatikana kazini. Mwongozo wake unatoka KNQA, chombo kilichoundwa na sheria ya mwaka 2014 kupanga vyeti vyote vya nchi katika ngazi 10. Vyeti vyenyewe hutolewa na mabaraza yaliyokubaliwa, kama TVET CDACC, baraza la mitaala na vyeti vya ufundi.

Mafundi wengi huambiwa kwamba njia hizi mbili ni kitu kimoja chenye majina mawili. Si kweli, na anayechagua bila kujua tofauti hupoteza ada na siku za kibarua. Nitazilinganisha kupitia kazi ya uashi, kwa sababu ndiyo niliyoona mafundi wakiihangaikia zaidi. Mchomeleaji, seremala au fundi bomba ataona yake humo humo.

Tumchukue fundi mmoja, tumwite Mutua. Ana miaka 38 na ameshika mwiko tangu akiwa na miaka 20. Aliishia darasa la nane. Ameshajenga nyumba za kupanga, ukuta wa shule na visima vya maji taka, na mara mbili amekuwa msimamizi wa vibarua wanane. Sasa kontrakta anamtaka awe msimamizi wa kudumu, ila ofisi yake inadai cheti.

Kinachopimwa

Mtihani wa gredi unapima unachoweza kufanya siku ya mtihani. Unapewa mchoro, vifaa na muda, unajenga, na mtahini anapima. Kuna pia sehemu ya nadharia. Gredi ziko tatu: III ndiyo ya kuanzia na I ndiyo ya juu. Njia ya kawaida ni kuanza III na kupanda, hata kama umefanya kazi miaka 20. Hili huwauma mafundi wakongwe, na ninawaelewa. Mtu ambaye ameshafundisha wengine kujenga anaketi meza moja na kijana aliyeanza mwaka jana. Lakini mtihani haujui historia yako, na haukusudiwi kuijua.

RPL inaanzia upande mwingine. Inauliza umefanya nini miaka yote hii, kisha inalinganisha jibu lako na orodha ya vipengele vya ujuzi vilivyoandikwa kwa kila kazi: kupima na kuweka msingi, kujenga kuta, kupiga plasta, kufuata usalama saitini, kusoma michoro, kuwasiliana na wenzako. Kila kipengele kinapimwa peke yake, na jibu huwa ama umemudu au bado hujamudu. Kwa hiyo Mutua anaweza kukubaliwa katika vipengele vingi na kuambiwa arudi kwa viwili tu. Mtihani wa gredi haukati vipande namna hiyo. Ukianguka, unasubiri msimu mwingine, na misimu kwa kawaida ni mitatu kwa mwaka: Aprili, Agosti na Desemba.

Hapo ndipo tofauti kubwa ilipo. Ada huhesabiwa baadaye.

Siku ya mtihani wa gredi

Kazi ya vitendo hubadilika, lakini kwa mwashi mara nyingi ni kipande cha ukuta chenye pembe. Fundi mwenye mkono mzuri hudhani hapo hana wasiwasi, na hapo ndipo wengi wazuri wanapoangukia. Ukuta wa mjengoni utafunikwa na plasta, kwa hiyo mkono umezoea kusamehe kiungo kinene hapa na kilichopinda kidogo pale. Ukuta wa mtihani haupigwi plasta, na mtahini anaona kila kitu.

Anapima vitu vichache, na unaweza kujipima nyumbani kwa vifaa vile vile. Bloku ya kimo cha milimita 190 ikiwekwa juu ya kiungo cha milimita 10 inatoa milimita 200. Basi mistari mitatu lazima ifike milimita 600. Ukikuta 615, umeweka udongo wa saruji mwingi, na kosa hilo haliwezi kufichwa mstari wa nne. Kwa pembe, weka alama milimita 600 upande mmoja na 800 upande wa pili, kisha pima kutoka alama hadi alama. Ikitoka 1000 kamili, pembe iko mraba. Ikitoka 1010, imefunguka. Timazi na pimamaji hukagua mengine: ukuta umesimama wima, mstari umelala sawa, na kila bloku imevuka kiungo cha chini kwa nusu yake.

Kosa la pili ni kutosoma mchoro. Nimeona ukuta ulionyooka vizuri kabisa ukikosa alama kwa sababu upande mmoja ulikuwa mfupi kuliko ulivyochorwa. Mjengoni fomeni huja na kusema "hapa futi sita", na fundi anaenda. Siku ya mtihani hakuna fomeni.

Kisha kuna nadharia. Karatasi kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza, na maswali yake si magumu kwa mtu anayejua kazi, ila hayaulizwi kwa namna kazi inavyofanyika. Chukua hesabu ya bloku. Mutua akiuliziwa ukuta, anauangalia na kusema "leta bloku mia na sabini", na hakosei sana. Karatasi inataka njia. Ukuta una mita 6 kwa mita 2.4, yaani mita za mraba 14.4. Mlango wa mita 0.9 kwa 2.1 unatoa 1.89, zinabaki 12.51. Bloku ya milimita 390 kwa 190 pamoja na kiungo chake inafunika mita 0.4 kwa 0.2, yaani 0.08, kwa hiyo mita moja ya mraba inakula bloku 12 na nusu. Zidisha upate 157, ongeza asilimia 5 ya zitakazovunjika, ununue 165. Jicho la Mutua lilikuwa karibu sana na jibu. Lakini akiandika 170 bila hesabu, hapati alama za hesabu.

Hii ndiyo maana ninasema fundi asiyeandika vizuri asiende kwenye mtihani wa gredi akitegemea mikono peke yake. Atafute mtu wa kupitia naye maswali ya nyuma majioni machache, hasa hesabu za vifaa, uwiano wa saruji na mchanga, na majina ya Kiingereza ya vitu anavyovishika kila siku. Vituo vingi vya mafunzo vilivyoidhinishwa hutoa maandalizi ya muda mfupi kabla ya msimu.

Faili la RPL

Upande wa RPL, mzigo unahama kutoka siku moja hadi kwenye faili. Hatua zake ni hizi: unaomba katika kituo kilichoidhinishwa kwa kazi yako, unakaa na mshauri anayekuonyesha vipengele na kukuambia unafaa ngazi gani, unakusanya ushahidi, halafu mtathmini anausoma, anakuhoji na mara nyingi anakutazama ukifanya kazi. Mwisho ni uamuzi wa kila kipengele.

Hatua ya mshauri ndiyo muhimu kuliko zote, na ndiyo inayorukwa. Mwombe akueleze vipengele kimoja kimoja kabla hujaanza kukusanya chochote. Mafundi huja na mfuko wa picha za nyumba zilizokamilika, zenye rangi na maua mlangoni. Picha hizo zinathibitisha kwamba nyumba ipo. Hazithibitishi kwamba ni wewe uliyeijenga, wala kwamba unajua kuweka msingi. Picha inayofaa inaonyesha hatua: mitaro ikiwa wazi na uzi umefungwa, wewe ukiwa na pimamaji mstari wa tatu, linta ikiwa na nondo kabla ya zege kumwagwa. Picha 12 za aina hiyo, kutoka kazi mbili au tatu, zina uzito kuliko 100 za nyumba zilizohamiwa.

Jambo dogo lenye madhara makubwa: picha iliyopita WhatsApp hupoteza taarifa za tarehe na mahali ilipopigwa. Ukipiga picha na kumtumia mtu, bakiza ile ya kwanza kwenye simu yako au kwenye kadi ya kumbukumbu. Mtathmini akitilia shaka picha, hiyo ya kwanza ndiyo itakayokuokoa.

Barua nazo zina kasoro yake. Barua nyingi ninazoonyeshwa husema fundi ni "mchapakazi, mwaminifu na mwenye nidhamu". Ni maneno mema, lakini mtathmini hana kipengele cha uaminifu. Anatafuta kazi. Barua ya kontrakta inayofaa ingesema hivi: "Kuanzia Machi hadi Julai alijenga kuta za nje na za ndani za nyumba ya vyumba vinne, aliweka linta na kupiga plasta ndani, na aliwasimamia vibarua watatu. Nilikagua kazi yake mwenyewe." Kisha jina, simu na namba ya usajili wa kontrakta. Mtathmini atapiga simu hiyo, kwa hiyo mwambie kontrakta mapema. Rekodi za malipo ya M-Pesa zinazolingana na tarehe za barua huongeza nguvu.

Nguvu ya RPL iko kwenye mahojiano. Mtathmini anakuuliza: ukifika ukute mitaro imejaa maji, unafanya nini? Udongo wa saruji umekaa saa mbili kwenye jua, unauongezea maji au unautupa? Fundi kama Mutua atajibu maswali haya kwa ufasaha ambao karatasi isingeutoa kamwe, na vituo vingi vinamruhusu ajibu kwa Kiswahili. Uliza hilo siku ya kujiandikisha, siyo siku ya mahojiano.

Udhaifu wa RPL nao ni wa kweli. Vituo vilivyoidhinishwa ni vichache kuliko vya mtihani wa gredi, na kituo kinaweza kuwa na idhini ya umeme kikakosa ya uashi. Mtu anayehitaji karatasi kabla ya Desemba kwa ajili ya kazi fulani anaweza kumaliza mwaka akiwa bado anakusanya barua. Pia waajiri wa zamani wanakijua cheti cha gredi kwa sura, huku cha RPL wakikishangaa. Hilo linabadilika, lakini ukienda kwa mwajiri mmoja maalum, mwulize anakubali kipi kabla ya kulipa chochote.

Gharama zisizoandikwa kwenye fomu

Ada hubadilika, kwa hiyo pata ya sasa kwenye kituo chenyewe kwa maandishi. Lakini ada siyo gharama yote. Kwa mtihani wa gredi, ongeza nauli, vifaa vya mkono kama kituo hakitoi, na siku za kibarua utakazopoteza, ambazo ni chache. Kwa RPL, siku zilizopotea zimetawanyika: siku ya mshauri, siku za kuwafuata makontrakta wa zamani, siku ya tathmini, halafu mafunzo ya kuziba pengo kama kipengele kimebaki. Uliza kama mafunzo hayo yako ndani ya ada au yanalipiwa kando. Wengi huacha faili katikati hapo kwa sababu hawakuambiwa.

Na yeyote anayekuahidi cheti cha gredi au cha RPL "bila mtihani, wiki moja" anakuuzia karatasi bandia. Hakuna cheti halali katika njia hizi mbili kisichopitia mtahini. Kwa gredi, namba ya cheti huulizwa NITA yenyewe. Kwa RPL, uliza baraza lililokitoa na kama kituo kilikuwa na idhini ya kazi hiyo.

Cheti kinakufikisha wapi

Cheti siyo leseni. Mwashi anayetaka kutambuliwa kama fundi stadi wa ujenzi ana daftari jingine la kuingia, la NCA, mamlaka ya ujenzi iliyoundwa na sheria ya mwaka 2011. Fundi umeme anahitaji leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, kabla ya kugusa nyaya za mteja kihalali, na leseni hizo zina madaraja yanayotegemea cheti na uzoefu. Kama lengo lako ni leseni, anzia huko kwanza. Uliza wanataka cheti gani kwa daraja unalolitaka, kisha urudi kuchagua njia.

Kama lengo ni masomo, RPL inaelekea mbele vizuri zaidi. Vyuo vya ufundi sasa vinafundisha kwa ngazi, ngazi ya 4 ikiwa ya fundi wa mikono, ya 5 cheti cha ufundi na ya 6 diploma. Vipengele ulivyopewa kwa RPL ni vile vile vinavyofundishwa vyuoni, kwa hiyo aliyetambuliwa ngazi ya 4 anaingia ya 5 akiwa na lugha moja na chuo. Cheti cha gredi kinaweza pia kukufungulia mlango, lakini mara nyingi itabidi uongee na chuo kuhusu usawa wake.

Sasa Mutua. Kontrakta anamtaka msimamizi ndani ya miezi michache, na ofisi imesema gredi yoyote inatosha kwa kuanza. Ningemwambia aketi Gredi ya III msimu unaokuja, ajifunze hesabu za vifaa majioni na kijana wake wa sekondari, na ajenge pembe mbili za majaribio nyuma ya nyumba bila plasta. Wakati huo huo aanze kupiga picha za hatua kila siku ya kazi na kuomba barua kila kazi inapokwisha, angali anakumbukwa. Mwaka ukipita atakuwa na faili la kuombea RPL ngazi ya juu kuliko ambayo gredi ya III inampa, pamoja na kipengele cha usimamizi ambacho mtihani wa gredi ya III haumuulizi kabisa.

Kama Mutua angekuwa hasomi wala kuandika, ningegeuza ushauri. RPL kwanza, hata kama ni lazima asafiri kwenda kituo cha mbali, kwa sababu faili, mahojiano na kutazamwa akifanya kazi vitampa nafasi ya kuonyesha ujuzi ambao karatasi ya Kiingereza ingeufukia. Na kama angekuwa kijana wa miaka miwili mjengoni, aliyejenga kuta tu na hajawahi kuweka msingi, nisingempeleka njia yoyote kati ya hizi kabla hajajifunza kwa fundi mkubwa sehemu zilizobaki. Faili lake lingekuwa na mashimo, na mtathmini angeyaona.

Kwa ndugu wa Tanzania

Mwashi wa Tanzania hachagui kati ya hizi mbili. Kwake mlango ni VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi iliyoundwa na sheria ya mwaka 1994, na jina linalotumika ni kurasimisha ujuzi. Ofisi ya Waziri Mkuu imewahi kufadhili urasimishaji huo kwa fani kadhaa, zikiwemo uashi, useremala na upishi, kwa hiyo inafaa kuuliza kama kuna awamu iliyo wazi kabla ya kulipa mwenyewe. Wakaguzi huja mara nyingi mahali pa kazi, na mafunzo mafupi ya kuziba pengo hutangulia tathmini.

Jihadhari na namba unapovuka mpaka. Gredi za Kenya hupanda kuelekea I, ngazi za VETA hupanda kuelekea III. Mwajiri wa Arusha akiona "III" kwenye cheti cha Nairobi anaweza kukufikiria fundi wa juu kuliko ulivyo, na wa Nairobi akiona "I" ya VETA akafikiria hivyo hivyo. Mweleze mwenyewe kabla hajagundua.

Popote utakapojiandikisha, jina liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho, herufi kwa herufi. Kama kitambulisho kinasema majina matatu, fomu iwe na matatu. Kurekebisha jina baada ya cheti kuchapwa huchukua miezi, na ukihitaji cheti hicho kithibitishwe kwa kazi ya Ghuba, tofauti ya herufi moja inatosha kukirudisha.